Msago au rukia? Namna ya kuchagua muundo wa filamu fupi ya majaribio

Tuseme una filamu ya dakika 7. Kijana wa Kigamboni amerithi redio ya marehemu baba yake, nayo imegoma kusema. Anaivusha kwa kivuko hadi kwa fundi Kariakoo. Fundi anafungua kifuniko cha betri na kukuta kikaratasi kimekunjwa na kuchomekwa kati ya betri na springi, umeme usipite. Anakichomoa, redio inasema. Kijana anarudi nyumbani nayo ikiimba, na mama yake, aliyeinamia vyombo uani, anaisikia tangu njiani na mikono yake inasimama. Kikaratasi alikichomeka yeye. Hakuweza kuisikia redio ile bila mwenyewe kuwepo.

Kisa ni hicho hicho, lakini kinaweza kuwa filamu mbili tofauti. Waliosoma fasihi wanaijua tofauti hiyo kwa majina ya msago na rukia. Msago huanza mwanzo na kwenda moja kwa moja hadi mwisho, na katika filamu mara nyingi hugawanywa sehemu tatu: hali ya mambo, mvutano, na hatima. Rukia huvunja mfuatano wa wakati. Wengi wanaotengeneza filamu za majaribio hukimbilia rukia kwa kudhani kwamba ndiyo inayoifanya kazi iwe ya majaribio. Kabla hujachagua, jiulize unataka mtazamaji akae na swali gani.

Andika kadi, kisha tafuta swali

Chukua kadi saba, kila moja uiandikie tukio moja, kwa mpangilio wa wakati:

1. Mama anachomeka kikaratasi.
2. Kijana anawasha redio, kimya.
3. Kivuko, kwenda.
4. Fundi anafungua redio.
5. Kikaratasi kinatoka, redio inasema.
6. Kivuko, kurudi.
7. Mama anaisikia.

Ukipanga kwa msago na kumfuata kijana, kadi ya 1 unaiondoa kabisa. Swali la mtazamaji linakuwa: je, redio itapona? Jibu linakuja kwa fundi, na uso wa mama mwishoni unamwachia mtazamaji akisie mengine.

Sasa jaribu rukia. Anza na kadi ya 5: kikaratasi kinatoka, redio inasema. Swali la kupona limekwisha ndani ya dakika ya kwanza. Fuatisha kadi ya 2, kisha safari mbili za kivuko zilizochanganywa, kisha ya 7, na umalizie na ya 1: vidole vya mama vikichana kipande cha kadi ya kliniki ya mumewe, vikikikunja, vikikichomeka. Tukio la kale kuliko yote ndilo la mwisho. Swali limegeuka kuwa: nani aliinyamazisha redio, na kwa nini?

Kipimo cha picha inayorudi

Tazama kikaratasi kile. Mwanzoni mtazamaji aliona takataka mkononi mwa fundi. Mwishoni anakiona tena na kujua kimechanwa wapi. Picha ni ile ile, maana imebadilika, na mabadiliko hayo ndiyo malipo ya usumbufu wote wa kuruka wakati. Kwa hiyo kabla hujaamua, itafute katika kadi zako picha moja itakayomaanisha jambo jingine ikionekana mara ya pili. Ukiipata, rukia ina kazi ya kufanya. Ukiikosa, unachanganya kadi tu, na mtazamaji atalihisi hilo.

Chris Marker alifanya hivyo katika *La Jetée*, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1962 yenye dakika 28. Inafunguka kwa mtoto kwenye uwanja wa ndege wa Orly anayemwona mtu akifa. Inafungika pale pale, nasi tunatambua kwamba aliyekufa ni mtoto yule yule, mtu mzima aliyerudishwa nyuma katika wakati. Ona pia kwamba karibu filamu nzima imejengwa kwa picha mnato, na sauti ya msimulizi ndiyo inayomshika mtazamaji mkono hatua kwa hatua. Ugeni wa picha umepewa usimulizi unaofuatika kirahisi. Hapo pana kanuni ya kufaa: kama majaribio yako tayari yako kwenye picha au sauti, mfuatano ulio wazi utakusaidia zaidi kuliko kuumiza.

Kuna filamu ambazo huwezi kuzinyoosha hata ukitaka. *Meshes of the Afternoon* ya Maya Deren na Alexander Hammid, ya mwaka 1943, inamwonyesha mwanamke akirudi katika nyumba ile ile tena na tena, na kila mara mambo yamesogea kidogo. Mtazamaji hapotei kwa sababu vitu ni vichache na vinarudi: ua, ufunguo, kisu. Kisa chako kikiwa cha namna hiyo, cha ndoto au kumbukumbu isiyotulia, usihangaike na kadi za wakati. Hesabu vitu vyako, na visizidi vitatu au vinne.

Ukichagua sehemu tatu

Kanuni inayotajwa sana, iliyoenezwa na kitabu cha Syd Field cha mwaka 1979, huipa sehemu ya kwanza robo ya filamu, ya pili nusu, ya tatu robo. Iliwekwa kwa filamu za takriban saa mbili. Kwa dakika 7, robo ni dakika 1 na sekunde 45, muda mrefu mno wa kungoja tatizo. Redio inyamaze ndani ya sekunde 40 za kwanza. Muda uliookoa upeleke mwishoni, kwenye uso wa mama, maana katika msago uso huo ndio unaobeba yote yasiyosemwa.

Ukichagua rukia

Amua kabla ya kurekodi. Kikaratasi lazima kipigwe mara mbili, kwa fundi na kwa mama, kwa ukaribu ule ule na upande ule ule wa kamera, la sivyo mtazamaji hatakitambua. Ukisubiri hadi wakati wa kuhariri, shoti hiyo hutakuwa nayo.

Kisha weka alama za wakati zisizohitaji maandishi. Wakati wa kwenda, redio imefungwa kwenye khanga na kivuko kinatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wa kurudi, redio iko wazi, antena juu, na kivuko kinatoka kulia. Kwenda ni mlio wa injini peke yake, kurudi kuna muziki. Muziki huo urekodi mwenyewe kwa makubaliano na wapigaji, kwa kuwa wimbo ulionaswa redioni una wenyewe.

Jaribu kwa simu kwanza

Piga picha moja ya simu kwa kila kadi, zipange kwa mifuatano yote miwili, kisha onyesha kila mfuatano kwa watu watatu tofauti. Usimwonyeshe mtu mmoja yote miwili, kwani akishaujua wa kwanza hawezi kuupima wa pili. Sikiliza swali atakalouliza. Akisema, "Hii ni kabla au baada?", alama zako za wakati ni dhaifu, na zinarekebishika. Akisema, "Kwa nini mama alifanya vile?", rukia imefanya kazi yake. Na kama waliotazama msago ndio waliokaa kimya wakiutazama uso wa mama, basi kadi ya 1 haina haja ya kurekodiwa.