Sifuri, Tarehe na Mkato: Namna ya Kuhifadhi Orodha ya Wagonjwa katika Faili la CSV

Kliniki nyingi za magonjwa sugu hutunza orodha ya mahudhurio katika lahajedwali, kisha huihifadhi kama faili la CSV ili mfumo wa kutuma ujumbe wa simu uweze kuisoma na kuwakumbusha wagonjwa siku ya kurudi. Katika uhamisho huo mambo matatu huharibika mara kwa mara: sifuri zinazoanza namba, tarehe, na maandishi yenye mkato ndani yake. Madhara yake humfikia mgonjwa moja kwa moja. Ujumbe hauendi, au humfikia ukiwa na siku isiyo yake, na dawa humwishia kabla hajaonwa.

Faili la CSV ni nini

CSV ni maandishi matupu. Kila mstari ni mgonjwa mmoja, na mkato hutenganisha taarifa moja na nyingine. Halibebi rangi, kanuni za hesabu, wala maelezo kwamba safu fulani ni tarehe au ni namba ya simu. Kwa kuwa faili halisemi, programu inayolifungua hukisia yenyewe, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Mfano ufuatao ni wa orodha iliyo salama. Namba zake ni za kubuni.

```
faili,simu,hudhurio,makazi
004127,0700000012,2025-06-05,"Mbagala, karibu na soko"
004390,0700000045,2025-06-25,"Temeke, Mtoni"
```

Sifuri za mwanzo

Mhudumu anapoandika 004127 katika seli ya kawaida ya Excel, programu huiona kuwa ni hesabu, na katika hesabu sifuri za mbele hazina thamani. Hubaki 4127. Vivyo hivyo 0700000012 hugeuka 700000012, namba yenye tarakimu tisa ambayo mfumo wa ujumbe unaweza kuikataa. Basi sifuri hupotea wakati wa kuandika, kabla hata ya kuhifadhi.

Kinga yake ni kuitayarisha safu ikiwa bado tupu: ichaguliwe safu nzima, ibonyezwe `Ctrl+1`, kisha katika `Number` ichaguliwe `Text`. Kuibadilisha safu baada ya namba kuandikwa hakurejeshi kilichopotea. Endapo namba zimekwisha kupoteza sifuri na urefu wake halisi unajulikana, zinaweza kurejeshwa katika safu mpya kwa kanuni hizi:

```
=TEXT(A2,"000000")
=TEXT(B2,"0000000000")
```

Ya kwanza huipa namba ya faili tarakimu sita, na ya pili huipa namba ya simu tarakimu kumi. Kanuni hizi zitumike pale tu ambapo namba zote zina urefu mmoja. Ikiwa kituo kina faili 0412 na pia faili 412 la mtu mwingine, sifuri zikiisha kuanguka watu hao wawili huonekana mmoja, na hakuna kanuni itakayowatenganisha. Hapo rejista ya karatasi ndiyo hakimu.

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina hatari yake ya ziada. Ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Ikiandikwa bila vistari katika seli isiyo ya `Text`, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, wala haziwezi kurejeshwa kutoka katika faili hilo.

Tarehe

Tarehe huharibika kimya kimya zaidi, kwa sababu tarehe iliyokosewa bado huonekana kuwa tarehe. Tuseme kompyuta imewekwa kwa utaratibu wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Mhudumu anaandika 05/06/2025 akikusudia tarehe 5 Juni. Programu inaielewa kuwa 6 Mei. Anaandika 25/06/2025, programu haiujui mwezi wa 25, hivyo inaiacha kama maandishi.

Tofauti hiyo ndiyo dalili ya kutazama. Katika seli ambazo hazijapangwa kwa mkono, tarehe iliyotambuliwa hukaa upande wa kulia na maandishi hukaa kushoto. Safu ya tarehe iliyogawanyika, ambayo siku za 1 hadi 12 zimekaa kulia na siku za 13 na kuendelea zimekaa kushoto, inaonyesha kwamba siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Safu ya namna hiyo isitengenezwe kwa kubahatisha. Mipangilio ya eneo ya kompyuta irekebishwe kwanza, kisha tarehe ziandikwe upya kutoka katika rejista.

Safu iliyo sahihi nayo ipewe sura isiyo na utata kabla ya kuhifadhiwa. Kwa `Ctrl+1`, katika `Custom`, iandikwe `yyyy-mm-dd`. Excel huandika ndani ya CSV kile kinachoonekana kwenye seli, kwa hiyo 5 Juni itatoka kama 2025-06-05, sura ambayo haiwezi kusomwa kwa namna mbili.

Mkato ndani ya maandishi

Makazi yaliyoandikwa Mbagala, karibu na soko yana mkato unaofanana na ule unaotenganisha safu. Excel hulitatua hilo yenyewe: huyafunga maandishi hayo kwa alama za kunukuu, kama ilivyo katika mfano wa juu, na alama hizo zisifutwe. Matatizo huja pale mtu anapolihariri faili kwa mkono au anapounganisha safu kwa kanuni yake mwenyewe. Mkato usiofungwa huongeza safu moja katika mstari huo, na taarifa zote zinazofuata husogea. Kama baada ya makazi kuna safu ya dozi, dozi itasomwa mahali pasipo pake.

Kompyuta zilizowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi za Burundi na Kongo, hutumia mkato kwa desimali, na hivyo Excel hutenganisha safu kwa nukta mkato. Mfumo unaopokea hauna budi kuelezwa hivyo.

Kuhifadhi na kuhakiki

Katika `Save As` ichaguliwe `CSV UTF-8 (Comma delimited)`. Ukurasa uliofunguliwa peke yake ndio utakaohifadhiwa, kwa hiyo lahajedwali la asili libaki pia katika umbo lake la `.xlsx`.

Baada ya hapo faili lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili ili kulihakiki. Excel italisoma upya kwa makisio yake, itaondoa sifuri zilizokuwa salama, na mtu akibonyeza kuhifadhi hasara hiyo itakuwa ya kudumu. Lifunguliwe kwa Notepad, ambayo huonyesha maandishi kama yalivyo. Mhakiki aangalie mistari michache: simu ianze na sifuri, tarehe ianze na mwaka, makazi yenye mkato yawe ndani ya alama za kunukuu.

Ikilazimu kulirudisha katika Excel, njia salama ni `Data`, kisha `From Text/CSV`, na chini ya `Data Type Detection` ichaguliwe `Do not detect data types`. Katika LibreOffice Calc, dirisha linalojitokeza wakati wa kufungua huruhusu kila safu kuwekwa `Text`.

Mgonjwa naye ana nafasi yake katika uhakiki huu. Siku iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ilinganishwe na ile ya ujumbe wa simu. Zikitofautiana, hasa siku na mwezi zikiwa zimepishana, kama 5/6 na 6/5, asisubiri siku ya mbali zaidi. Apige simu au afike kituoni, na mhudumu asiishie kumrekebishia yeye peke yake: aifungue orodha nzima, kwa kuwa kosa la namna hiyo humpata kila mgonjwa aliyepangiwa siku ya 1 hadi ya 12 ya mwezi, isipokuwa pale siku na mwezi zinapolingana.