Angalia salio kabla ya kupakia mzigo

Tuseme umenunua abaya 12 Islii kwa shilingi 14,400, yaani 1,200 kila moja. Unaziuza 1,600 kwenye grupu la WhatsApp ukiwa Garissa. Mteja wa Dadaab anakutumia picha ya meseji ya malipo na kukuharakisha: "Gari linaondoka!"

Ngoja kidogo. Picha si pesa. Meseji halisi huja kwenye simu yako kutoka MPESA, si kutoka namba ya mtu. Bonyeza *334# uangalie salio. Kama 1,600 haijaingia, usipakie.

Ukipoteza abaya moja, itabidi uuze tatu nyingine ndipo faida ifidie hiyo 1,200.

Ukipokea kwa Pochi la Biashara, mteja hawezi kurudishiwa pesa bila idhini yako.