Dondoo muhimu: Kusawazisha kipima pH kwa bafa mbili

Kabla ya kupima maji ya kisima Kamalondo au ya mto Lubumbashi, hakikisha kwanza elektrodi yako haikudanganyi.

1. Chagua bafa zinazozunguka sampuli: 7 na 4 kwa maji yenye asidi, 7 na 10 kwa maji yaliyotiwa chokaa.
2. Asubuhi za Julai Lubumbashi ni baridi. Acha bafa na sampuli zifikie joto la chumba.
3. Mimina bafa kidogo kikombeni, na usiirudishe kamwe chupani.
4. Anza na bafa ya 7. Subiri namba itulie. Suuza, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, kisha ingiza elektrodi kwenye bafa ya pili.
5. Kagua mteremko kwa milivolti. Mfano, kwenye nyuzi 25: bafa ya 7.00 imesoma -4 mV, ya 4.01 imesoma 164 mV. Tofauti ni 168. Elektrodi kamili ingetoa 177. Gawanya: asilimia 95, inatosha.
6. Ukipata chini ya hapo, safisha elektrodi, tumia bafa mpya, rudia. Ikibaki chini ya 90, ibadilishe.
7. Ihifadhi kwenye myeyusho wa potasiamu kloridi. Maji yaliyokenekwa huiharibu.