Barua Pepe ya Kuomba Risiti Itumwe Upya

Swali

Wewe ni katibu wa kikundi cha wachakataji usipa Mbamba Bay. Kikundi kiliagiza mizani na wavu wa kuanikia samaki kutoka duka la mtandaoni. Mzigo ulifika salama kwa basi kupitia Mbinga, lakini risiti iliyotumwa kwa barua pepe ni ukurasa mweupe. Mhazini atasoma hesabu mbele ya wanachama tarehe 22 Machi 2025. Andika barua pepe kwa duka ukiomba risiti itumwe upya.

Kabla ya kuandika

Hakikisha kwanza kwamba kosa haliko kwenye simu yako. Mtandao ukiwa dhaifu, faili huweza kukatika kabla halijamaliza kupakuliwa. Lipakue upya, kisha lifungue kwa simu nyingine au kompyuta. Likiwa bado jeupe huko pia, yaelekea kosa limo ndani ya faili lenyewe. Taja hatua hizo katika barua yako, la sivyo jibu la kwanza la duka litakuwa kukutaka uzifanye, na siku zitapotea.

Jibu la mfano

Kwenda: huduma@duka.example
Nakala: mhazini wa kikundi
Mada: Agizo namba 20453: risiti imefika tupu, naomba itumwe upya

Ndugu Mhudumu,

Tarehe 5 Machi 2025 nilipokea barua pepe yenu ikiwa na risiti ya agizo namba 20453. Faili linafunguka, ila ukurasa ni mweupe, hauna maandishi yoyote. Nimelipakua mara mbili na kulifungua kwa simu na kwa kompyuta. Hali ni ileile.

Maelezo ya agizo ni haya:

Tarehe ya agizo: 3 Machi 2025
Mizani ya kuning'iniza, 1: shilingi 68,000
Wavu wa kuanikia, mita 30 kwa shilingi 3,500: shilingi 105,000
Usafirishaji hadi Mbinga: shilingi 12,000
Jumla: shilingi 185,000
Malipo: kwa simu, kumbukumbu namba 7KD20318

Naomba mnitumie tena risiti ya malipo hayo kwa anwani hii hii kabla ya tarehe 20 Machi 2025, kwa kuwa hesabu za kikundi zitasomwa tarehe 22. Faili tupu nimeliambatisha mlione.

Wenu,
Katibu wa kikundi,
Mbamba Bay

Ufafanuzi wa jibu

Mada imebeba namba ya agizo, tatizo na ombi. Mhudumu anajua la kufanya kabla hajafungua barua. Mada kama "Tatizo" au "Msaada tafadhali" haimwelezi kitu.

Maelezo ya agizo yameandikwa kwa herufi, hayakutumwa kama picha. Mhudumu anaweza kuinakili namba 20453 na kuitafuta moja kwa moja. Iliyo ndani ya picha itabidi aisome na kuichapa upya, na akikosea tarakimu moja atafungua agizo la mtu mwingine. Kagua pia kama bei zinajumlika: 68,000 + 105,000 + 12,000 = 185,000. Jumla isipolingana, duka litaanza kuhoji hesabu badala ya kutuma risiti.

Ombi ni "mnitumie tena risiti ya malipo hayo", si "mniandikie risiti nyingine". Risiti mbili tofauti kwa malipo mamoja zingeonyesha kwamba kikundi kimetumia shilingi 370,000, na mhazini ndiye angeulizwa.

Ujumbe wa simu unaothibitisha malipo hautoshi kuwa mbadala. Unaonyesha kwamba fedha zimetoka, lakini hautaji mizani wala wavu. Risiti ya kielektroniki ikifika, mhazini anaweza kuihakiki kwa namba yake ya uhakiki katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, verify.tra.go.tz.

Makosa ya kuepuka

1. Kuandika anwani mbili za posta kama katika barua rasmi ya karatasi. Barua pepe hutumia sehemu za Kwenda, Nakala na Mada.
2. Kulaumu: "Mmetuibia!" Mzigo umefika, kinachokosekana ni risiti tu.
3. Kutaja namba ya siri ya simu. Kumbukumbu namba ya malipo inatosha.
4. Kuacha ombi bila tarehe. "Haraka iwezekanavyo" haimwonyeshi mhudumu mwisho ni lini.

Zoezi

Risiti imetumwa upya, lakini inaonyesha wavu mita 20 badala ya 30. Andika barua pepe ya pili isiyozidi maneno 100. Taja kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, na jumla sahihi.