Saa nane ya nani? Somo fupi juu ya kuandika saa na tarehe

Mimi njo mwenye kuandika matangazo ya mlangoni, kwa hiyo nianze na kosa langu mwenyewe. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuandika vibarua vya kuita wazazi wa darasa la sita, wale ambao vitambulisho vya watoto wao vilikuwa na majina yenye kukosewa. Mkubwa wa masomo alisema mkutano ni saa mbili asubuhi. Mimi nilitazama simu, nikaona 08:00, nikaandika hivi: «Mkutano wa wazazi, saa 8, msikose.» Nikapiga chapa karatasi thelathini na mbili.

Wazazi wengi walikuja asubuhi, kwa sababu watoto wao waliwaeleza kwa mdomo. Lakini mama mmoja alifika mchana, jua limekwisha kupita utosini, viti vimekwisha kurudishwa darasani. Alikuwa ameacha meza yake ya ndizi sokoni. Akanionyesha karatasi: «Mtoto yangu, barua inasema saa munane. Na sasa ni saa munane. Mkutano uko wapi?»

Sikuwa na jibu, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma vizuri. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili, na katika Kiswahili saa 8 ni saa nane, basi saa nane ni mchana. Mimi niliandika maneno ya Kiswahili na hesabu ya kizungu.

Angalieni jambo hili, kwa maana hatulitambui tukiongea. Katika mazungumzo, mtu wa Goma akitaja saa kwa hesabu ya Kifaransa, tunajua anasema saa ya kizungu. Akitaja kwa hesabu ya Kiswahili, tunajua ni saa ya jua. Lugha yenyewe inatuonyesha njia, na hatupotei. Lakini ile tarakimu 8 kwenye karatasi haina lugha. Mmoja ataisoma kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili, na wote wawili wataona wamesoma sawasawa. Ndiyo maana kosa hili linakuja katika kuandika kuliko katika kusema. Ndugu zetu wa Uganda na Kenya wana taabu ileile na Kiingereza.

Sasa, saa ya Kiswahili inatoka wapi? Inahesabu tangu jua linapochomoza. Saa moja ya asubuhi ni kusema jua limemaliza saa moja tangu litoke. Saa sita liko juu ya kichwa. Saa kumi na mbili linazama, na usiku unaanza hesabu yake upya. Mzungu anaanza kuhesabu katikati ya usiku, hivyo tofauti ni masaa sita, siku zote sita, na dakika hazibadiliki. Ikiwa una saa ya mishale, tazama mshale mfupi unaelekea namba gani, kisha soma namba iliyo ng'ambo yake. Ukielekea 8, ng'ambo yake ni 2. Ikiwa una simu, toa sita: 14:00 ukitoa sita inabaki nane, saa nane mchana. 20:00 inabaki kumi na nne. Hiyo imepita kumi na mbili, toa tena kumi na mbili, inabaki saa mbili usiku. Na 02:00 haiwezi kutolewa sita, basi ongeza: saa nane usiku.

Sisi wa hapa tuna bahati moja ambayo wengine hawana. Goma iko karibu na mstari wa ikweta, na karibu na mstari wa digrii 30 za mashariki, ambao njo saa yetu inaufuata. Kwa hiyo jua letu linachomoza karibu kabisa na 6:00. Kuna miezi linawahi, kama mwezi wa kumi na moja, na kuna miezi linachelewa, kama mwezi wa pili, lakini haizidi karibu dakika ishirini. Huko Kampala saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, ingawa jua linatangulia kwao kwa dakika chache tu. Basi kwao jua linatoka karibu 6:45, na mtu akisema saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara nyingi jua bado halijatoka. Kule hesabu inafuata saa ya ukutani, jua limebaki jina tu.

Hapo ndipo wasafiri wanapotea. Ukivuka Bunagana kuingia Uganda, sogeza saa yako mbele saa moja, kisha endelea kutoa sita kama kawaida. Watu wanachanganya mambo haya mawili, wanaongeza moja juu ya sita na kupata saba. Mfano: redio inatangaza habari saa tatu usiku, saa za Afrika Mashariki. Hiyo ni 21:00 ya Nairobi, yaani 20:00 ya Goma, na wewe ufungue redio saa mbili usiku. Kuvuka kwenda Gisenyi hakubadilishi kitu. Kinshasa nao wako nyuma yetu kwa saa moja: saa sita mchana yao, kwetu imekwisha kuwa saa saba.

Tarehe ina mtego wake, na mtego uko usiku. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na wengi wetu tunakumbuka tulivyokimbia. Chukueni familia iliyovuka mpaka saa nane usiku. Kaka anaandika kwamba walivuka usiku wa Jumamosi, tarehe 22. Dada anaandika tarehe 23, kwa sababu simu yake ilionyesha 02:00, na kwa simu siku inageuka saa sita usiku. Mwenye kusoma karatasi zao atafikiri mmoja anadanganya. Hakuna mwongo. Tena kwa desturi ya Waislamu wa pwani siku mpya inaanza magharibi, jua likizama, hivyo mzee wa kule anaweza kuita usiku uleule usiku wa Jumapili! Dawa yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe: andika «usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, tarehe 22 kuamkia 23». Ni maneno mengi, najua, lakini hakuna atakayekuuliza mara ya pili.

Jihadharini pia na wale wanaohesabu siku kutoka Jumatatu na kusema siku ya pili wakiwa na maana ya Jumanne. Jumapili ni kitu kingine, maana majina yale yanaanza kuhesabu baada ya Ijumaa: mosi, pili, tatu.

Sasa matangazo yangu yanaandikwa hivi: «saa mbili kamili asubuhi (8h00)». Saa kwa herufi, kisha sehemu ya siku, kisha ile ya simu ndani ya vifungo. Msiache sehemu ya siku, hasa kwa kumi na mbili, kwa maana iko asubuhi na iko jioni, na tena 12:00 ya simu si mojawapo ya hizo.

ZOEZI. Andikeni kwa herufi na kwa sehemu ya siku: (a) 16:45, (b) 00:10, usiku unaofuata Alhamisi tarehe 9, pamoja na tarehe yake, (c) basi linaondoka Kampala 7:30, nawe saa yako bado ni ya Goma: itakuonyesha nini? Mniletee majibu kabla ya kengele ya saa saba na nusu mchana, siku ya Ijumaa.