Kibandiko cha Malipo Hubeba Anwani, Hakibebi Fedha

Mfanyabiashara anayekuta bango sokoni lenye alama ya mawimbi na maneno "Gusisha simu hapa kulipa ushuru" huwa na swali la haki: je, simu ikigusa pale, fedha zilizomo zitakatwa? Jibu ni hapana. Kibandiko kilicho chini ya alama hiyo hakina uwezo wa kutoa fedha katika simu ya mtu. Kazi yake ni moja tu: kuipa simu anwani ya ukurasa wa intaneti. Hata hivyo, kwa sababu kinachobebwa ni anwani tu, mtu mwenye nia mbaya akiweka anwani nyingine mahali pale, kibandiko kitaipokea na kuitoa bila kusita. Somo hili linaeleza jinsi kibandiko hicho kinavyofanya kazi, na mahali ambapo mlipaji anapaswa kusimama na kusoma kabla ya kuendelea.

Kilichomo ndani ya kibandiko

Kibandiko cha NFC ni karatasi au plastiki nyembamba yenye vitu viwili ndani yake: chipu ndogo kuliko punje ya mchele, na waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa kuwa antena. Hakina betri. Simu yenye NFC hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika katika masafa ya megahezi 13.56. Antena ya kibandiko inapoingia katika nguvu hiyo, umeme kidogo huzalishwa ndani ya waya, chipu huamka, na kutoa maneno yaliyohifadhiwa ndani yake. Simu ikiondolewa, chipu hulala tena. Ndiyo maana kibandiko kinaweza kukaa miaka mingi ukutani bila kuhitaji chochote, na ndiyo maana simu lazima isogezwe karibu sana, kwa kawaida ndani ya sentimita nne.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba halmashauri imebandika kibandiko katika kizimba namba 17 cha soko, na anwani iliyoandikwa ndani ni hii:

```
https://malipo.mfano.go.tz/soko/k17
```

Chipu ya NTAG213, ambayo ni ya kawaida katika vibandiko vya bei nafuu, ina nafasi ya baiti 144 kwa ajili ya maandishi. Sehemu ya kwanza, yaani `https://`, hufupishwa na kuhifadhiwa kwa baiti moja. Herufi na alama zilizobaki ni 27. Zikiongezwa baiti saba zinazoieleza simu kwamba maandishi haya ni anwani na yanaanzia na kuishia wapi, jumla ni baiti 35. Hakuna jina la mlipaji humo, wala kiasi cha fedha, wala namba ya siri. Kitu pekee kinachokitofautisha kibandiko cha kizimba namba 17 na cha jirani yake ni ile `k17` ya mwishoni, inayouambia ukurasa ni kizimba kipi kinacholipiwa.

Hatua za malipo

Mpangaji wa kizimba hicho huwasha kioo cha simu na kuifungua. Simu za Android huhitaji NFC iwe imewashwa katika mipangilio. Simu za iPhone kuanzia XR na XS husoma kibandiko zenyewe, ilimradi kioo kiwe kinawaka na kamera isiwe inatumika. Kisha husogeza simu kwenye alama ya bango. Katika simu nyingi za Android antena iko nyuma, karibu na katikati au chini kidogo ya kamera. Katika iPhone iko sehemu ya juu. Asipopata mwitikio, asigonge bango. Aiburute simu polepole juu ya alama mpaka itetemeke au itoe mlio.

Simu huonyesha anwani iliyoisoma au hufungua ukurasa wake. Kuanzia hapo kibandiko kimemaliza kazi yake, na yanayofuata ni malipo ya intaneti kama mengine. Katika mfano huu ukurasa unaonyesha kizimba namba 17, ushuru wa mwezi wa shilingi 15,000, na kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontro namba. Mpangaji anaweza kuiandika namba hiyo na kulipa baadaye kwa wakala au benki. Anaweza pia kujaza namba yake ya simu ukurasani. Kampuni ya simu itamletea kwenye kioo ombi linalotaja kiasi na mpokeaji, na kumtaka aweke namba ya siri.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayohamisha fedha. Namba ya siri huwekwa katika ombi la kampuni ya simu, kamwe haiwekwi ndani ya ukurasa uliofunguliwa na kibandiko. Ukurasa wowote unaoomba namba ya siri ya fedha za simu ufungwe papo hapo, hata ukiwa na nembo iliyozoeleka.

Mahali ambapo udanganyifu huingia

Mdanganyifu hana haja ya kuvunja mfumo wowote. Njia ya kwanza ni kubandua kibandiko halali na kuweka chake, au kukifunika kwa kingine. Hila hii huacha dalili: kingo zilizoinuka, unene wa tabaka mbili, gundi ya zamani iliyobaki pembeni, au karatasi mpya juu ya bango lililopauka. Njia ya pili haiachi dalili yoyote ya macho. Kibandiko kikiachwa bila kufungwa baada ya kuandikwa, mtu yeyote mwenye simu na programu ya bure ya kuandikia vibandiko anaweza kufuta anwani na kuweka yake kwa sekunde chache, akiwa amesimama kama mteja mwingine.

Kwa kuwa jicho haliwezi kuiona njia ya pili, kinga inayofanya kazi kwa zote mbili ni kusoma anwani kabla ya kujaza chochote. Anwani za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na `.go.tz`, lakini neno "huishia" linahitaji uangalifu. Anwani isomwe kuanzia baada ya `https://` hadi kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha yaangaliwe maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo. Mfano huu ni wa anwani ya uongo:

```
https://malipo.mfano.go.tz.ushuru-kizimba.com/k17
```

Maneno `go.tz` yamo, lakini yako katikati. Kabla ya mkwaju kuna `ushuru-kizimba.com`, na huyo ndiye mwenye ukurasa. Alama ya kufuli kando ya anwani haisaidii hapa: inaonyesha tu kwamba mazungumzo kati ya simu na ukurasa yamefichwa wasikilizaji wengine, haithibitishi kwamba mwenye ukurasa ni mkweli. Kwenye kioo kidogo anwani ndefu inaweza kukatwa, hivyo iguswe ili ionekane yote.

Kituo cha pili cha kusoma ni lile ombi la namba ya siri. Jina la mpokeaji liwe la halmashauri na kiasi kilingane na kilichotarajiwa. Likitokea jina la mtu binafsi, au la duka lisilohusika, ombi likataliwe. Kwa mpangaji wa kizimba namba 17, fedha bado ziko kwake mpaka hapo.

Kituo cha tatu ni baada ya kulipa. Maneno "Asante, umelipa" katika ukurasa si ushahidi, kwa sababu ukurasa wa uongo nao unaweza kuyaandika. Ushahidi ni ujumbe wa muamala kutoka kampuni ya simu pamoja na stakabadhi ya halmashauri yenye kumbukumbu namba ileile.

Wajibu wa anayebandika

Anayeandaa vibandiko ana njia rahisi ya kuziba mlango wa pili. Akishaandika anwani na kuijaribu kwa simu mbili tofauti, atumie programu ileile kukifunga kibandiko kisiweze kuandikwa tena. Kufunga huku ni kwa kudumu. Herufi ikiwa imekosewa, kibandiko hicho hutupwa. Kwa hiyo kujaribu hutangulia kufunga. Anwani ileile iandikwe pia kwa herufi kubwa kwenye bango, ili mlipaji ailinganishe na ile inayotokea kwenye simu. Maandishi hayo na kumbukumbu namba huwasaidia pia wakazi ambao simu zao hazina NFC, na hao ni pamoja na karibu wote wenye simu za vitufe na wengi wenye simu janja za bei ya chini.

Jambo jingine ni mahali pa kubandika. Kibandiko cha kawaida kikiwekwa juu ya mlango wa bati au nguzo ya chuma, simu hukaa kimya, kwa sababu chuma hudhoofisha ile nguvu ya sumaku inayokiamsha. Tiba ni kutumia kibandiko chenye tabaka la feraiti mgongoni, kilichotengenezwa kwa ajili ya chuma, au kukiweka kwenye ubao au plastiki. Mlipaji naye ajue kwamba ukimya wa simu mbele ya bati kwa kawaida ni kasoro ya ubandikaji, wala si dalili ya wizi. Ganda la simu lenye chuma, au kadi ya benki iliyowekwa nyuma ya simu, huweza kuleta ukimya uleule.

Anwani ikitiliwa shaka

Kusoma kibandiko peke yake hakujahamisha shilingi. Mkazi aliyeona anwani isiyolingana na ya bango afunge ukurasa, apige picha ya bango na ya anwani, kisha atoe taarifa kwa msimamizi wa soko au ofisi ya Mtendaji wa Kata. Asikibandue kibandiko, kwa kuwa ndicho ushahidi; atosheke kuwaonya wenzake wa vizimba vya jirani wasikitumie. Aliyekwisha kuweka namba ya siri apige simu mara moja huduma kwa wateja ya kampuni yake, akiwa na namba ya muamala mkononi, kwa sababu fedha ambazo mpokeaji hajazitoa ndizo zenye nafasi ya kuzuiliwa. Ushuru wa kizimba aliokusudia kulipa hautahesabiwa kuwa umelipwa mpaka kumbukumbu namba ya halmashauri ionyeshe hivyo, na hilo anaweza kulithibitisha ofisini kwa kuitaja namba hiyo.