Mtoto Anayepanda: Dirisha, Roshani na Kabati katika Nyumba ya Kupanga

Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ana kichwa kikubwa na kizito kwa umbo lake. Akiinama dirishani, kichwa ndicho kinachotangulia, na mikono yake haina nguvu ya kumrudisha ndani. Wavu wa mbu usikutie moyo: unazuia mbu tu. Mtoto akiuegemea, unachomoka naye.

Anza na kilicho chini ya dirisha. Kochi, kitanda, stuli, hata ndoo iliyofunikwa, vyote ni ngazi. Viondoe. Wanaoishi chumba kimoja mara nyingi hawana pa kusogezea kitanda, na hapo ndipo dirisha lenyewe lidhibitiwe.

Nyumba nyingi za ghorofa sasa zina madirisha ya aluminiamu ya kuvuta. Hayo hayahitaji fundi wala ruhusa ya mwenye nyumba. Tuseme kioo kikivutwa hadi mwisho kinaacha uwazi wa sentimita 60. Funga dirisha, kisha kata mpini wa fagio urefu wa sentimita 50, uulaze kwenye reli ya chini, upande ambao kioo hukimbilia. Vuta kioo kwa nguvu: kitagota kikiwa kimeacha sentimita 10 tu. Hewa itaingia, mwili wa mtoto hautapita. Bandika mpini kwa utepe wa gundi ili mtoto asiuchomoe, lakini usiupigilie misumari. Moto ukizuka, mtu mzima auondoe mara moja. Kama dirisha lina grili, pima nafasi kati ya nondo: nayo isizidi sentimita 10. Grili yenye kufuli, kila mtu mzima ajue ufunguo ulipo.

Roshani ina hatari yake. Nondo zilizolala ni vipandio tayari. Kreti, kiti cha plastiki, mtungi wa gesi na beseni la nguo visikae karibu na ukingo. Komeo la mlango liwe juu, asikofika, na mlango ufungwe hata unapoanika nguo kwa dakika chache, kwa sababu ukiwa umegeuka kuelekea kamba humwoni.

Kabati la droo huanguka kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Mtoto huvuta droo mbili au tatu, akakanyaga ya chini. Uzito wote huja mbele na kabati humlalia, pamoja na televisheni iliyo juu yake. Jaribu mwenyewe: fungua droo zote, kisha bonyeza ya juu taratibu kwa mkono huku ukilishikilia kabati. Miguu ya nyuma ikiinuka, halifai kuachwa hivyo. Weka vitu vizito droo za chini, televisheni iteremke kwenye meza fupi na pana, na usiweke rimoti wala biskuti juu ya kabati. Dawa kamili ni kulifunga ukutani kwa vyuma vya pembe. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili, ukimwahidi kuyaziba kwa saruji nyeupe siku ya kuhama.